Umefuta, lakini rangi bado ipo: nembo za JPEG ndani ya GIMP

Ujumbe huu tunaupata mara kwa mara kutoka kwa wateja wanaotaka nembo zao zichapwe kwenye fulana: "Mandhari ya nyuma nimeshaifuta mwenyewe." Tunafungua faili, tunaiweka juu ya fulana nyeusi kwenye kompyuta, na nembo inatokea imekaa ndani ya mraba mweupe kama kiraka. Mteja hajatudanganya. Amefuta kweli, ila GIMP, programu ya kuhariri picha aliyoitumia, ilielewa kufuta kwa namna nyingine.

Chukua nembo moja iliyotufikia. Ilikuwa jani la kijani na jina la biashara kwa herufi nyeusi, picha ya JPEG ya pikseli 1200 kwa 1200, nyuma yake nyeupe tupu. Mwenyewe alichukua kifutio akapitisha pembeni mwa jani, wala hakuona badiliko lolote. Akadhani kifutio kimegoma. Katika kuhangaika akachagua rangi ya machungwa, akabonyeza kitufe cha `X` bila kukusudia, akarudi kufuta. Safari hii kifutio kikaanza kupaka machungwa kila kilipopita.

Kifutio kilikuwa kinafanya kazi mara zote mbili. Mara ya kwanza kilipaka nyeupe juu ya nyeupe, na hilo jicho haliwezi kuliona. Ukitazama kisanduku cha zana utaona vibao viwili vya rangi vilivyopandana: cha mbele ni rangi ya kuchorea, cha nyuma ni rangi ya mandhari. Kwa kawaida cha mbele ni cheusi na cha nyuma ni cheupe. `X` hubadilishana nafasi zao, na ndiyo maana machungwa yalihamia nyuma. Kwenye picha isiyo na uwazi, kifutio huchota rangi kutoka kibao hicho cha nyuma. Hata kuchagua eneo na kubonyeza `Delete` kunaleta matokeo yaleyale: eneo linajazwa rangi ya nyuma.

Kwa nini isiache tu tundu? Kwa sababu hakuna mahali pa kuliandika. Ndani ya picha ya JPEG ya rangi, GIMP inapoifungua, kila pikseli inapewa namba tatu: nyekundu, kijani na buluu, kila moja kati ya 0 na 255. Nyeupe ni 255, 255, 255. Nyeusi ni 0, 0, 0. Jaribu kuandika "hapa hamna kitu" kwa namba hizo tatu. Mchanganyiko wowote utakaoweka ni rangi fulani. Kwa hiyo GIMP inapoambiwa ifute, inalazimika kuchagua rangi ya kuacha pale, nayo inachukua ile uliyoiweka nyuma.

Chaneli ya alfa ni namba ya nne. Yenyewe haisemi pikseli ina rangi gani, inasema pikseli inaonekana kwa kiasi gani: 255 inaonekana kabisa, 0 haionekani, na katikati ni kama kioo chenye ukungu. JPEG haina nafasi ya namba hiyo, kwa hiyo picha ikitoka huko huingia GIMP bila alfa. Unaiongeza hapa:

```
Layer > Transparency > Add Alpha Channel
```

Ukibofya hapo, picha haitabadilika hata kidogo, na wengi huishia kudhani wamekosea. Kilichotokea ni kwamba pikseli zote zimepewa alfa ya 255, yaani zote bado zinaonekana. Sasa chukua kifutio upitishe: badala ya rangi utaona vijiraba vya kijivu kama ubao wa drafti. Hivyo si sehemu ya picha wala havichapwi; ni njia ya GIMP ya kukuonyesha kwamba hapo ni wazi.

Kujua kama leya, yaani tabaka moja la picha, ina alfa si kazi. Fungua menyu hiyohiyo: kama `Add Alpha Channel` imefifia na haibofyeki, tayari ipo. Ikibofyeka, haipo. Zingatia kwamba alfa ni ya leya, si ya faili nzima. Leya mpya unayoiongeza juu mara nyingi huja na alfa yake, huku ile ya chini iliyotoka kwenye JPEG ikibaki bila. Hapo kifutio kitaacha uwazi kwenye leya moja na kupaka rangi kwenye nyingine, ndani ya picha ileile.

Turudi kwa mteja wetu. Alipoongeza alfa, yale machungwa hayakuondoka. Alfa haifuti makosa ya nyuma: rangi iliyopakwa imeshachukua nafasi ya ile ya asili, na kwa GIMP machungwa yale sasa ni picha kama jani lilivyo picha. Bahati nzuri yalikuwa pembeni tu, hayakuingia kwenye jani. Angekuwa hajafunga faili, `Ctrl+Z` ingetosha. Sisi tuliyachagua kwa zana ya `Fuzzy Select`, tukabonyeza `Delete`, na mara hii pakabaki wazi. Nyeupe iliyobaki nayo tukaiondoa vivyo hivyo, bila kusahau ile iliyofungiwa ndani ya herufi kama "a" na "o", ambayo haishikani na ya nje na lazima ichaguliwe peke yake.

Baada ya hapo tuliweka leya nyeusi chini ya nembo, na ukingo wa jani ukaonyesha utepe mwembamba wa weupe. Huo ni mchango wa JPEG: inapobana picha huchafua pikseli zilizo karibu na mipaka, zikawa karibu nyeupe lakini si nyeupe hasa, na zana ya kuchagua huziruka. Tulirudi nyuma, tukapanua eneo lililochaguliwa kwa pikseli 1 kwa `Select > Grow`, ndipo tukafuta. Wako wanaopenda `Color to Alpha` kwa kazi hii. Kwa maandishi meusi juu ya nyeupe inafanya vizuri sana, lakini kwa jani la kijani tuliikwepa, kwa kuwa inanyonya weupe uliomo ndani ya rangi pia na jani lingebaki nusu wazi.

Kuna jambo la kupendeza kidogo hapa. Kifutio kikifuta penye alfa, rangi ya chini huwa haijaguswa. Namba ya nne tu ndiyo inayoshushwa. Shikilia `Alt` ukiwa na kifutio na upitishe palepale, na kilichofutwa kitarudi. Kwenye kompyuta nyingine `Alt` hutumika kusogeza dirisha, kwa hiyo tafuta `Anti erase` kwenye mipangilio ya kifutio.

Kazi hii yote inaweza kuharibika kwenye hatua ya mwisho. Ukienda `File > Export As` na kuandika jina linaloishia na `.jpg`, uwazi unatupwa na mahali pake hujazwa rangi ya nyuma, ileile ya kibao cha nyuma. Andika `nembo.png`. Na kama nembo tayari ilishatolewa kama JPEG, kuibadilisha jina liishie na `.png` hakurudishi kitu. Namba ya nne haimo tena ndani yake. Ndiyo maana tunaomba mtutumie na faili ya `.xcf`, ile ya GIMP yenyewe, kama mnayo, maana humo leya na alfa zake zimehifadhiwa jinsi mlivyoziacha.