Kubadilisha msimbo wa QR kwenye kipeperushi kilichobaki picha tu

Ujumbe huu hutufikia mara kwa mara, maneno yakitofautiana kidogo tu: "Dada, linki ya usajili imebadilika. Nibadilishie hiyo QR tu, mengine yaache kama yalivyo." Chini yake kuna picha ya JPEG. Faili la awali halipo, aliyelitengeneza hapatikani, na semina iko karibu. Kazi hiyo tunaifanya, na kubandika msimbo mpya si jambo la muda mrefu. Muda mwingi huenda kwenye kuhakikisha kwamba ulichobandika kinasomeka hata baada ya picha kupita mikononi mwa watu.

Kabla ya kugusa picha, tunauskani msimbo wa zamani na kusoma anwani iliyomo. Wakati mwingine tunakuta kiungo kifupi cha kupokezana, yaani kile kinachompeleka mtu kwenye anwani nyingine iliyowekwa nyuma yake. Kama akaunti ya kiungo hicho iko mikononi mwa mteja, basi hakuna picha ya kubadilisha: anaingia kwenye akaunti, anaweka anwani mpya, na hata vipeperushi vilivyokwisha chapwa vinaanza kuelekeza kwenye fomu mpya. Kazi ya namna hiyo hatulipishi, maana ni ushauri tu.

Lakini kama anwani ya fomu imeandikwa moja kwa moja ndani ya msimbo, lazima msimbo wote uondoke. Kuna wanaouliza kama tunaweza kurekebisha vijisanduku vichache tu, kwa kuwa ni herufi mbili zilizobadilika. Haiwezekani. Pamoja na anwani yenyewe, msimbo hubeba data za ziada za kujisahihisha zinazokokotolewa kutokana na anwani hiyo, kwa hiyo ukibadilisha herufi moja, vijisanduku vingi hubadilika pamoja nayo.

Tuchukue mfano mmoja hadi mwisho. Kipeperushi ni cha ukubwa wa A5, pikseli 1748 kwa 2480, ambazo kwa uchapaji wa nukta 300 kwa inchi zinatosha. Msimbo wa zamani, ukihesabu na ukingo wake mweupe, umekaa kwenye eneo la pikseli 260 kwa 260. Linki mpya ni `https://example.com/fomu/usajili-semina`, herufi 39.

Urefu wa linki ndio unaoamua msimbo utakuwa na vijisanduku vingapi. Kwa kiwango cha kujisahihisha kinachoitwa M, ambacho huvumilia uharibifu wa takriban asilimia 15, herufi 39 zinaingia kwenye msimbo wa vijisanduku 29 kwa 29. Mteja angetuletea linki ndefu yenye mkia wa kufuatilia matangazo, herufi 150 hivi, msimbo ungekuwa wa 49 kwa 49, na ndani ya nafasi ileile kila kijisanduku kingekuwa kidogo zaidi. Ndiyo sababu tunaomba linki fupi kwanza. Kiwango cha juu kabisa, H, huvumilia takriban asilimia 30, na wengi hukichagua wakidhani ni salama zaidi. Kwenye nafasi finyu hatukipendi: kinaongeza vijisanduku, na vijisanduku vidogo ndivyo vinavyokufa kwanza picha ikipunguzwa. Ukitaka nembo katikati ya msimbo, hapo ndipo H inapokuwa na maana.

Sasa hesabu ya ukubwa. Msimbo unahitaji ukingo mweupe wa vijisanduku 4 kila upande, hivyo 29 inakuwa 37. Nafasi ya pikseli 260 ukiigawa kwa 37 unapata 7 na chembe. Kwa hiyo tunautengeneza msimbo ukiwa tayari na pikseli 7 kwa kila kijisanduku, jumla 259, na tunaubandika ulivyo:

```
qrencode -s 7 -m 4 -l M -o mpya.png "https://example.com/fomu/usajili-semina"
```

Wengi hupakua msimbo mkubwa mtandaoni kisha wanauvuta kwa pembe hadi uingie kwenye nafasi. Programu inapoupunguza, mipaka ya vijisanduku haiangukii tena kwenye pikseli kamili, na badala ya nyeusi na nyeupe unapata ukungu wa kijivu kila ukingoni. Tuseme ukweli, kwa pikseli 7 simu nyingi zitausoma hata hivyo. Tatizo ni kwamba picha imeanza safari ikiwa tayari na jeraha, na bado haijatumwa popote.

Kufunika msimbo wa zamani ndiko kunakopuuzwa kuliko yote. Vuta picha ya JPEG karibu, mara nne au tano, utazame kando ya msimbo: utaona vumbi la nukta za kijivu limesambaa nje ya mipaka yake, hasa karibu na yale macho matatu ya pembeni. JPEG hubana picha kwa vipande vya pikseli 8 kwa 8, na kipande chenye ukingo mkali wa nyeusi na nyeupe huchafuka chote. Ukifunika pikseli 260 kamili, vumbi hilo linabaki limeuzunguka msimbo mpya. Sisi huweka mraba mweupe wa pikseli 276, yaani 8 zaidi kila upande, ndipo msimbo mpya unakaa katikati yake. Mraba huo uwe mweupe kweli, hata kama mteja angependa mandhari ya rangi ya kipeperushi yaonekane nyuma ya vijisanduku. Msimbo usio na usuli wake, ukiwekwa juu ya rangi ya zambarau au picha ya watu, mara nyingi husomeka kwenye simu mpya na kugoma kwenye simu za zamani. Msimbo mweupe juu ya weusi nao una tabia hiyohiyo.

Tukimaliza tunahifadhi kwa PNG. Kuhifadhi tena kwa JPEG ni kualika vumbi jipya kuuzunguka msimbo ambao umetoka kusafishwa.

Upimaji unaanza kwenye kompyuta, na tunapima faili la mwisho lenye kipeperushi kizima, kamwe si ule msimbo peke yake:

```
zbarimg --raw kipeperushi-kipya.png
```

Programu hii ya bure inachapa anwani iliyoisoma, na tunailinganisha na ile aliyoandika mteja herufi kwa herufi. Msimbo wenye anwani iliyokosewa unaskaniwa vizuri kabisa, kwa hiyo mlio wa simu au ujumbe wa kufunguka hauthibitishi chochote. Nukta iliyonakiliwa mwishoni mwa sentensi, au sifuri mahali pa O, vinatosha kumpeleka mtu kwenye ukurasa usiokuwepo. Zikitoka anwani mbili, ujue kuna msimbo mwingine umejificha mahali, mara nyingi ule mdogo wa chini kabisa karibu na mawasiliano, ambao kila mtu aliusahau.

Baada ya hapo tunaitesa picha. Kujisahihisha kwa msimbo kuna ubaya wake: kunaficha udhaifu. Msimbo uliokaribia kikomo na ule ulio mzima huonekana sawa kwenye simu yako, hadi picha iharibike kidogo tu zaidi. Kwa hiyo tunaipunguza picha nusu, tunashusha ubora, na kuisoma tena:

```
magick kipeperushi-kipya.png -resize 50% -quality 60 jaribio.jpg
zbarimg --raw jaribio.jpg
```

Katika mfano wetu, kijisanduku cha pikseli 7 kinakuwa cha 3 na nusu. Hapo msimbo wetu ulitakiwa bado usomeke. Ule wa linki ndefu, wenye vijisanduku 49, ungekuwa umeanza na pikseli 4 tu kwenye nafasi ileile, hivyo hapa ungebaki na 2. Kuanzia hapo kusomeka kunategemea bahati. Jaribio hili si la kinadharia: programu za kutumiana ujumbe hupunguza picha zenyewe, na kipeperushi husambazwa kutoka kundi moja hadi jingine. Kwa hiyo tunakituma pia kwa njia ileile atakayoitumia mteja, kama picha ya kawaida, tunakipokea kwenye simu nyingine, na tunaipima picha iliyopokelewa.

Kwa simu tunafuata masharti machache. Tunatumia simu mbili, moja iwe ya zamani yenye kamera ya kawaida. Simu hiyo isiwe imeingia kwenye akaunti ya mwenye fomu, na iwe kwenye data yake badala ya mtandao wa ofisini. Sharti hilo la akaunti ndilo linalookoa watu wengi. Mteja hunakili linki ya kuhariri fomu badala ya ile ya kuijaza. Kwake inafunguka bila shida kwa sababu ni yake, na kwa wengine wote inaomba ruhusa. Msimbo uko sawa, picha iko sawa, na bado hakuna hata mmoja aliyejisajili.

Kama kitachapwa, chapa nakala moja kwa ukubwa halisi, bila kuruhusu printa ikibane kitoshee kwenye karatasi. Kuskani kutoka kwenye skrini ya kompyuta hudanganya, maana pale kipeperushi huonekana kikubwa kuliko kitakavyokuwa. Pikseli zetu 259 kwenye karatasi ni kama milimita 22. Kanuni ya mafundi ni kwamba msimbo husomeka kutoka umbali wa takriban mara kumi ya upana wake, hivyo huu ni wa sentimita 22 au zaidi kidogo. Kwa karatasi ya kushika mkononi inatosha. Mteja akituambia baadaye kwamba picha hiyohiyo itabandikwa ukutani, watu waiskani wakiwa mita 2, tunamwomba nafasi mpya kabisa, kwa sababu hapo msimbo unahitaji upana wa karibu sentimita 20.

Kinachobaki ni vipeperushi vya zamani vilivyokwisha kutoka. Kwenye hivyo picha mpya haina msaada. Watu wataendelea kuviskani wiki nyingi. Kama anwani ya zamani iko kwenye tovuti yako mwenyewe, mwambie anayeisimamia aielekeze kwenye ile mpya, na uipime kwa kuuskani msimbo wa zamani. Kama ilikuwa fomu kwenye huduma ya watu wengine, usiifute. Ifunge isipokee majibu, na kwenye ujumbe wa kufungwa weka linki mpya.