Maji Yale Yale, Namba Mbili: Maelezo kwa Wateja Wanaopima Maji ya Chemchemi

Kila masika tunapokea lalamiko lilelile katika maabara yetu hapa Mbeya: cheti cha kwanza kimesema hivi, cha pili kimesema vingine, na mteja anahisi ameibiwa. Mwezi wa Machi mama mmoja mwenye kiwanda kidogo cha juisi Tukuyu alituwekea vyeti viwili mezani. Cha kwanza, cha kuchuja kwa utando, kilionyesha koloni 3, yaani vikundi vilivyoota, vya kolifomu za kinyesi, bakteria wanaoashiria kwamba kinyesi kimeingia majini, katika mililita 100. Cha pili, cha mirija, kilionyesha 49. Akasema, "Mirija yenu ni ya bei kubwa, na inaongeza namba."

Tulimwomba alete sampuli nyingine, tukaitikisa na kuipima kwa njia zote mbili siku hiyohiyo. Utando wenye vitundu vya maikromita 0.45 huzuia bakteria juu yake, kisha huwekwa kwenye chakula chao katika inkubeta ya nyuzi 44 kwa saa 24, na kila koloni huhesabiwa. Kwa maji yenye tope, mililita 100 huziba utando kabla hazijaisha, na udongo huzifanya koloni ziungane. Kwa hiyo tuligawa maji katika tando nne za mililita 25, tukapata 9, 7, 12 na 8, jumla 36.

Kwa mirija, maji hutiwa kwenye mchuzi wa kulishia bakteria, na hatuhesabu koloni. Tunatazama ni mirija mingapi imetoa gesi, dalili kwamba bakteria hao huenda wamo. Mirija mitano ya mililita 10 yote ilitoa, miwili kati ya mitano ya mililita 1 ilitoa, na ya mililita 0.1 haikutoa hata mmoja. Jedwali la MPN, yaani la idadi inayoelekea zaidi kuwa ya kweli, husoma matokeo hayo kuwa 49, sawa na cheti chake cha pili, lakini hayo ni makadirio, na idadi halisi yaweza kuwa karibu 20 au kuzidi 100. Namba 36 na 49, basi, hazipingani.

Ile 3 ilitoka wapi? Tulipomhoji, mama alieleza kwamba mara ya kwanza aliyaacha maji yatulie usiku kucha, akatuletea ya juu yaliyokuwa maangavu ili yachujike upesi na kwa bei nafuu. Bakteria wengi hung'ang'ania chembe za udongo, nao walikuwa wamebaki chini ya ndoo pamoja na tope. Nafuu hiyo ilimfanya alipe mara mbili, na kwa wiki tatu aliyaamini maji yasiyofaa.

Bei ya mirija ni kubwa kwa sababu ni mirija 15 kwa sampuli moja, na kila uliotoa gesi huhamishiwa kwenye mchuzi mwingine wa nyuzi 44 kuthibitishwa, kazi ya siku tatu hadi nne. Maji maangavu tutayachuja, na hatutamtoza mtu mirija asiyoihitaji. Yenye tope yaleteni na tope lake, katika chupa tunayowapa sisi, juu ya barafu, ndani ya saa sita ikiwezekana.