Kifaduro hakisubiri wiki ya sita

Mhariri,

Mimi ni muuguzi mstaafu, mkazi wa Igombe hapa Mwanza. Mwezi uliopita binti wa jirani alinigongea usiku, amembeba mwanawe wa wiki tano. "Bibi, anaacha kupumua!" Kabla sijamjibu, mtoto akakohoa mfululizo bila kuvuta pumzi, kisha kimya. Midomo ikawa ya bluu. Nikamsugua mgongo mpaka akavuta hewa, tukakimbilia hospitali. Kilikuwa kifaduro.

Kwa siku kumi hivi mama alikuwa akiambiwa ni mafua tu, na ndivyo ugonjwa huu unavyoanza. Hatua ya kwanza, wiki moja au mbili, ni kamasi na kikohozi chepesi. Hapo ndipo mgonjwa huambukiza sana na dawa za antibiotiki husaidia zaidi, lakini nani atashtuka? Kaka yake wa miaka tisa alikuwa amekohoa wiki tatu, na wote wanalala chumba kimoja.

Hatua ya pili ndiyo ya mikururo ya kikohozi na kutapika, na inaweza kuchukua wiki nyingi. Watoto wakubwa huvuta pumzi kwa mlio mkali baada ya kukohoa. Kichanga mara nyingi hana nguvu za kuutoa mlio huo, yeye huacha tu kupumua. Mama anayesubiri kuusikia mlio atachelewa. Hatua ya tatu kikohozi hupungua polepole, kwa wiki au miezi. Mtoto wetu yuko hapo sasa. Amesharudi nyumbani, ila usiku bado anakohoa.

Chanjo yake ya kwanza ya kifaduro, ndani ya ile ya pentavalenti inayokinga magonjwa matano, ilikuwa wiki ya sita. Ugonjwa ulimtangulia. Hata angeipata, dozi moja haitoshi, ndiyo maana kuna ya wiki ya 10 na ya 14.

Pengo hilo huzibwa na mama. Akichanjwa kifaduro kati ya wiki ya 27 na ya 36 ya ujauzito, mwili wake hutengeneza kingamwili zinazopita kwenye kondo, na mtoto huzaliwa nazo. Hudumu miezi michache tu, na kwa mama nazo hupungua, hivyo kila mimba ina chanjo yake. Uingereza ilianza kuwachanja wajawazito mwaka 2012, mwaka ambao vichanga 14 walikufa kwa kifaduro.

Wajawazito wengi hapa hudhani sindano ya kliniki inatosha. Hiyo ni ya pepopunda, haizuii kifaduro. Naiomba Wizara ya Afya iingize chanjo ya kifaduro kwenye kliniki ya wajawazito. Kwa sasa, anayekohoa asilale na kichanga wala asimbebe, na kichanga akikohoa hadi kubadilika rangi apelekwe hospitali usiku uleule.

Muuguzi mstaafu,
Igombe, Mwanza