Mgeni kanipa nyota mbili, je hili jibu langu la Kiingereza nilitume hivi hivi?

Shangazi shikamoo, na wasomaji wote habari za saivi. Mimi ni mama wa miaka 47 nina gesti ndogo ya vyumba vitano hapa Bagamoyo, nyumba ya marehemu mama, nyuma kidogo ya Mji Mkongwe ukitokea soko la samaki. Sina meneja wala mtu wa mapokezi, tuko mimi, binti mmoja wa jikoni na mlinzi wa usiku, basi. Wageni wetu wengi wa nje wanatupata kwa Google, wanatafuta kwenye ramani, wanasoma walioandika wenzao, wanapiga simu.

Sasa wiki mbili zilizopita alilala kwetu mzungu mmoja siku tatu. Kwa kumtazama alikuwa hana shida, anacheka, asubuhi anatoka na kamera yake anarudi jua limezama. Kaondoka kaaga vizuri kabisa. Siku ya nne mtoto wa dada yangu ananipigia simu, mama mdogo umeona ulichoandikiwa? Nyota mbili! Tulikuwa na rivyu 12, wastani 4.7, ile moja tu imetushusha hadi 4.5. Sehemu yenye rivyu chache kila nyota inauma, hoteli kubwa yenye mia tatu wala isingestuka.

Kalalamikia vitu vitatu. Kwanza aliambiwa chai ya asubuhi ni kuanzia saa moja, yeye akaja saa moja akakuta hakuna kitu na "yule msichana wa jikoni" akamjibu imekwisha. Pili aliamshwa na kelele za spika ya msikiti kukiwa bado giza, siku zote tatu. Tatu chumba hakina chandarua, na hapa ni nchi ya malaria.

Nikamuita binti. Akanambia mama mi nilimwambia vizuri, kwa Kiingereza kabisa, chai ni "from one to four". Hapo nikakaa chini. Yaani kachukua saa moja hadi saa nne ya kwetu kaitafsiri neno kwa neno, na mgeni kasikia saa saba mchana mpaka saa kumi jioni! Maskini ya Mungu, siku ya kwanza katoka asubuhi na njaa yake kaenda zake magofu ya Kaole, kajibana arudi saa saba, kafika anamkuta binti anasugua sufuria ya supu, vitumbua vimeshaliwa na mlinzi. Mtu kakaa na njaa akidhani nyumba hii ndo utaratibu wake chai inanywewa mchana. Siku mbili zilizofuata hata hakuuliza tena, akawa anakula mjini. Na mimi niliyekuwa namuona anapita getini nadhani hapendi chai.

Nilipandwa na jazba shangazi sikufichi. Usiku ule ule niliandika jibu refu la Kiswahili nikampa mtoto wa dada alitie Kiingereza. Nilimwambia kuwa amesema uongo kuhusu chandarua, kwamba azana ilikuwepo hapa kabla babu yake hajazaliwa, na kwamba yeye mwenyewe alirudi usiku na matope akachafua mashuka mawili tukamnyamazia. Mjomba wangu akasema weka na namba ya chumba na nchi aliyotoka, watu wamjue. Nashukuru sana intaneti ilikata usiku ule.

Asubuhi nikaenda kwa jirani yangu, mwalimu mstaafu wa Kiingereza, miaka mingi kawatembeza watalii vilevile. Akasoma karatasi yangu akavua miwani. Akanambia mama, huyu mgeni kashaondoka, humwandikii yeye, unamwandikia yule anayekaa kitandani kwake huko mbali anachagua kati yako na gesti nyingine mbili. Huyo haijui kesi yenu. Akiona umetoa habari za mashuka ya mtu atajiuliza, na mimi nikilala pale watanitangaza nini? Hapo kwa kweli alinipata.

Alafu akanifundisha jambo ambalo sikuwahi kuliwaza maisha yangu yote. Sisi tuna pole na tuna samahani. Mtu akiumwa unampa pole, hujamuumiza wewe. Ukimkanyaga unasema samahani. Kwa Kiingereza yote mawili watu tunayaandika sori, na kwenye karatasi msomaji haoni uso wako, anaona umekiri kosa. Mimi nilikuwa nimeandika sori nne. Sori ya chai ni sawa, ile ni samahani ya kweli, kosa letu. Lakini sori ya azana? Ile nilimaanisha pole kwa kukatishwa usingizi, mzungu atasoma kwamba naomba radhi kwa kuwa na msikiti jirani na kwamba kesho nitafanya kitu, wakati sitafanya kitu, azana ya alfajiri itatoka saa kumi na moja kama kawaida na mimi mwenyewe ndo inaniamsha nikawashe jiko. Kwa hiyo akasema pale usiombe radhi wala usijitetee, sema kilichopo, na sema chumba gani kina afueni. Na kweli kile cha nyuma upande wa mwembe sauti inafika hafifu, sema sikuwahi kumwambia mgeni yeyote kabla hajalipa, nampa tu chumba kilichopigwa deki.

Kingine ni mwisho wa barua. Mimi nilimalizia kwa "you are welcome", nikijua ndo karibu tena. Mwalimu alicheka mpaka akakohoa. Kumbe hayo maneno kwao ni ya kumjibu mtu aliyekwambia asante! Sasa mtu kakutukana nyota mbili wewe unamwambia haya maneno, inakuwa kama unamkebehi. Nimekuwa nikiyaandika kwa kila mgeni tangu tufungue, hata kwa yule mama aliyelalamikia panya. Nimerudi nimeyafuta yote, bahati nzuri Google inaruhusu mwenye biashara kurekebisha jibu lake hata baada ya kulituma.

Basi tukakaa kibarazani na chai ya tangawizi tukafyeka. Kutoka kurasa mbili ikabaki hii hapa, nainakili kama nitakavyoibandika:

```
Thank you for staying with us and for writing.
The breakfast mistake was ours. In Swahili we count the
hours from sunrise, so our "one o'clock" is your 7 am.
The times are now written on every door.
The dawn call to prayer comes from the mosque next door.
The room at the back is quieter, and we now tell guests
before they book.
Every bed has a net, tied up above it during the day.
```

Kwa wasiojua Kiingereza, nimemshukuru, nimesema kosa la chai ni letu kwa sababu saa zetu tunazihesabu tangu jua kuchomoza na saa moja yetu kwao ni saba, na muda sasa umeandikwa kila mlango. Hilo sio uongo, nimechapisha karatasi stesheneri, kuna picha ya saa yenye mishale na namba 7:00 hadi 10:00, binti mwenyewe ndo kazibandika kwa gundi. Alafu nimesema azana inatoka msikiti wa jirani, chumba cha nyuma kina utulivu na tunawaambia wageni mapema. Mwisho, kila kitanda kina chandarua, mchana kinafungwa juu.

Sasa shangazi hapo mwisho ndo penye ugomvi na ndo nakuandikia.

Chandarua kipo! Ni kile cha duara kinachoning'inia darini, binti akitandika asubuhi anakizungusha anakipiga fundo kubwa juu ya kitanda, kama mtu aliyefunga pesa kwenye pindo la kanga. Mimi na wewe tukikiona tu tunajua, jioni unafungua unachomekea chini ya godoro. Huyu kalala siku tatu chini ya chandarua akidhani ni pambo. Nikinyamaza, mtu anayekuja na watoto akisoma kuwa hatuna chandarua hatokuja, na haki yake. Nikisema kipo, mjomba anasema safi, ila mwalimu anaona sentensi ile ikikaa peke yake inanuka ubishi, kama namwambia mgeni huna macho. Anataka niongeze kuwa tulipaswa kumwonesha. Mtoto wa dada naye anasema ukiongeza hivyo umekubali makosa mawili badala ya moja, nyota zitazidi kuonekana halali.

Mimi moyoni naona mwalimu ana ukweli, kwa sababu kweli hatukumwonesha, tulimpa ufunguo na taulo tukaondoka. Ila naogopa jibu lote likawa la kuinamisha kichwa.

La pili ni binti. Kayasoma, anajua kusoma Kiingereza vizuri kuliko anavyokiongea, na ile "msichana wa jikoni" imemkaa rohoni. Siku tatu hajaongea na mgeni, akiulizwa kitu ananiita. Anataka niandike kuwa yeye hakukosea, alitafsiri sawasawa. Mwalimu anasema usimtaje kabisa, neno letu kwenye "kosa ni letu" ndo linamfunika, ukishaanza kueleza nani alisema nini unampeleka tena mbele za watu. Nimemweleza binti hivyo akasema sawa mama, ila ile sawa ya kuangalia chini unaijua.

Na la tatu dogo. Namba ya mgeni ninayo, alinitumia wasapu akiomba bajaji. Mjomba anataka nimrudishie pesa ya usiku mmoja ili afute. Hilo nimelikataa, Google wenyewe wanakataza kumpa mtu kitu ili abadilishe au aondoe rivyu, na akiipiga picha meseji yangu akaibandika nimekwisha. Kuwaomba Google waiondoe nako hamna kitu, huyu hajatukana wala hajajifanya mgeni, kalala kweli. Ninachojiuliza ni kama nimtumie meseji ya kumweleza tu ile habari ya saa, bila kuomba chochote, maana roho inaniuma alivyoshinda na njaa. Au ataona namfuatafuata? Nikituma jibu Google si wanamjulisha hata hivyo.

Kwa hiyo shangazi na nyie mnaopokea wageni, nisaidieni hayo: ile sentensi ya chandarua niiache, niongeze kuwa tulipaswa kumwonesha, au nitoe, binti nimfanyeje, na meseji nitume nisitume. Jibu bado liko kwenye simu sijalibonyeza. Ijumaa naingiza watu wanne kutoka nje, wameshauliza chai ni saa ngapi, na nimemwachia binti awajibu mwenyewe kwa kuwaonesha ile karatasi mlangoni.

Mama wa vyumba vitano, Bagamoyo