Barua ya Wazi kwa Afisa Elimu wa Manispaa Yetu: Mpimeni Upya Mtoto Huyu

Ndugu Afisa Elimu,

Yah: Nafasi katika kitengo cha elimu maalumu kwa mtoto wa miaka 9 mwenye usonji mkali

Salaam. Mimi ni mwalimu mstaafu, nimefundisha darasa la kwanza miaka 31. Mtoto ninayemwombea ni wa jirani yangu, ukuta kwa ukuta, na jina lake sitalitaja. Faili lake liko ofisini kwako tangu Januari mwaka jana. Mama yake amekuja mara 6, na mara zote 6 ameambiwa akasubiri simu.

Jumanne iliyopita mtoto alitoroka. Mama aliingia bafuni akasahau komeo la juu la geti. Tulimkuta kwenye lami, amekaa chini kati ya magari, ameziba masikio. Aliyemnyanyua ni utingo wa daladala. Watu walikuwa wanapiga kelele, "Mama yake yuko wapi? Mtoto gani hana adabu!" Yule mama hakuwajibu, alikuwa anamfuta mwanawe damu mkononi. Ndiyo maana leo naandika hadharani.

Nimeisoma ripoti ya upimaji kwa ruhusa ya wazazi. Inasema mtoto hakutoa ushirikiano, hakutaja hata picha moja kati ya alizoonyeshwa, na kwa hiyo "hafundishiki kwa sasa". Upimaji ulichukua kama dakika 20, katika chumba asichokijua, feni ikikwaruza juu ya kichwa chake, baada ya saa mbili za foleni. Ndugu Afisa, mtoto huyu hasemi. Ukimpa picha azitaje, umepima usemi wake tu, na kwamba hasemi tulishawaandikia kwenye fomu.

Kwa hiyo mimi na mama yake tukachukua daftari. Kwa siku 14, kila alipojing'ata mkono au kugonga kichwa ukutani, tuliandika saa, kilichotangulia, alichofanya na kilichofuata. Zilifika mara 26. Mara 15 zilitanguliwa na kelele ya ghafla: mashine ya kusaga ya hapo jirani ikiwashwa, honi, au gari la matangazo. Mara 7 alikuwa na kiu. Tulijua kwa sababu alipopewa maji alitulia papo hapo. Mara 4 hatukuelewa, na mpaka leo hatuelewi.

Tulianza na kiu, maana kelele za mtaa hatuna uwezo nazo. Nilichora kikombe kwenye kipande cha boksi, tukakitundika karibu na ndoo ya maji. Kila alipotaka kunywa, mama aliushika mkono wake, akauongoza mpaka kwenye kadi, waiondoe pamoja, ndipo akampa maji. Hakuna kadi, hakuna maji, hata kama ni usiku wa manane. Wiki ya tatu mtoto aliileta mwenyewe, akamwekea mama mapajani. Mama alilia. Sasa kujing'ata kwa ajili ya kiu karibu kumekwisha.

Huyo ndiye asiyefundishika?

Sikufichi mengine. Bado anavaa nepi, na shule ya kawaida ilimrudisha siku ya tatu kwa sababu hiyo. Usiku hulala kwa muda wa saa 4 tu hivi, kwa hiyo wazazi wanalala kwa zamu. Mama aliacha kukaanga vitumbua, kwa sababu mafuta ya moto na mtoto huyu havikai uani pamoja. Wanaishi kwa bodaboda ya baba. Sisemi kwamba mtoto atasoma na kuandika kama wenzake. Nasema anahitaji chumba chenye watoto wachache, mwalimu aliyesomea elimu maalumu, msaidizi wa kumpeleka chooni kwa saa zilezile kila siku, na ratiba ya picha ajue kinachofuata. Mimi niliyezoea kufundisha darasa la watoto 90 nimeishia kwenye kadi moja.

Nahisi kinachomkwamisha ni ile sentensi moja ya ripoti, kwamba hafundishiki. Kila anayefungua faili anaishia hapo. Au labda hamna msaidizi wa kumweka. Kama ni hilo, mwambieni mama, ajue. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa haki ya kuandikishwa shule sawa na mtoto mwingine. Na mwezi Machi, kwenye mkutano wa mtaa, ulisema mbele yetu sote kwamba hakuna mtoto mwenye ulemavu atakayebaki nyumbani. Mama yake alikuwa amesimama mlangoni, amemshika mtoto mkono.

Naomba jambo moja. Tumeni mpimaji aje nyumbani. Aje saa 2 asubuhi, kabla mashine haijawashwa, akae saa nzima bila kumsemesha mtoto. Kadi ya kikombe iko pale pale, juu ya ndoo.

Wako,
Mwalimu mstaafu, jirani
Dar es Salaam