Barua ya Malalamiko: Mlifunga Kasha Langu Siku Niliyobadilisha Simu

Mombasa, Kenya

Kwa Mkuu wa Huduma kwa Wateja,

KUH: AKAUNTI YA BURE, KUHAMIA SIMU MPYA, NA MTU WA DHARURA ALIYEFUTWA BILA TAARIFA

Ninawaandikia nikiwa mteja wa programu yenu ya kutunza nywila ndani ya kasha linalofunguliwa kwa nywila kuu moja. Nilianza na majaribio ya kifurushi cha kulipia, na majaribio yalipokwisha nikashushwa hadi kifurushi cha bure. Silalamikii kushushwa. Ninalalamika kwa sababu ya yale yaliyotokea simu yangu ilipokufa kioo nikalazimika kununua nyingine.

Niseme kwanza kwamba ninaelewa kila kampuni ya kazi hii ina mahali inapochora mstari kati ya anayelipa na asiyelipa. Bitwarden inamwachia mtumiaji wa bure ahifadhi vitu bila kikomo kwenye vifaa vyovyote alivyonavyo, lakini mtu wa dharura, yule unayemteua afunguliwe kasha lako likikupata jambo, ni wa wanaolipa. NordPass haina kikomo cha vitu, ila wa bure anakaa ndani ya kifaa kimoja kwa wakati mmoja. LastPass, tangu tarehe 16 Machi 2021, inamtaka wa bure achague kompyuta au simu. Ninyi mmeweka vizuizi viwili pamoja, vitu 50 na kifaa kimoja, na ni pale vinapokutana ndipo mtu anapoumia.

Simu ya zamani ilikuwa inawaka lakini kioo hakisikii kidole. Niliweka programu kwenye simu mpya, nikaandika nywila kuu, ikakubalika. Kisha likatokea tangazo kwamba akaunti imefungwa kwenye kifaa kingine, niondoe kifaa hicho kwanza au nilipie. Kitufe cha kuondoa kifaa kipo mahali pamoja tu, kwenye mipangilio ndani ya simu ya zamani, ile isiyoguswa. Nilipotaka kulipia, mkanitumia namba ya uthibitisho kwa barua pepe. Nywila ya barua pepe imo ndani ya kasha. Kwa hiyo njia ya kwanza ilihitaji simu iliyokufa, na ya pili ilihitaji kitu kilicho ndani ya kasha ninaloomba kulifungua.

Kuwaandikia kwa msaada sikuweza, kwa sababu wa bure anapewa kurasa za maelezo peke yake. Mwishowe nilipeleka simu ya zamani kwa fundi wa simu pale Mwembe Tayari, akaibandika kioo cha kujaribia, waya zikining'inia, nikafungua kasha langu lote juu ya meza yake huku wateja wengine wamesimama nyuma yangu, ili nibonyeze kitufe kimoja. Fundi yule alikuwa mwungwana na aligeuza uso. Lakini hebu fikirieni: programu ya kulinda siri, kwa masharti yake yenyewe, inamlazimisha mwenye siri kuzifungua kwenye meza ya duka. Mtu aliyekwisha kuandika nywila kuu sahihi kwenye simu mpya angeweza kuulizwa palepale, "Je, tuitoe simu ya zamani?" na kujibu ndiyo. Kifaa kinabaki kimoja, na kifurushi cha bure kinabaki kile kile.

Baada ya kuingia nikadhani yamekwisha. Kumbe vitu vilivyoshuka kwenye simu mpya ni 50, na kasha langu lilikuwa na 63. Wakati wa majaribio hakukuwa na kikomo. Majaribio yalipokwisha, simu ya zamani iliendelea kunionyesha vyote 63, ila sikuweza kuongeza kipya. Nikaona ni haki. Hakuna mahali mlipoandika kwamba vile 13 vya ziada havitahama.

Hapa kuna jambo ambalo wahandisi wenu wanapaswa kulitazama kwa karibu. Mnachagua vitu 50 kwa kufuata vilivyohaririwa karibuni. Nywila ya duka la mtandaoni ninayoibadilisha mara kwa mara ilikuja. Kilichobaki nyuma ni zile kumbukumbu ambazo mtu huziandika mara moja na kuziacha: namba za akiba za akaunti ya Google, zile 10 zenye tarakimu 8 kila moja, ambazo kazi yake ni kumwokoa mtu aliyepoteza simu, nywila ya KRA ya mama yangu, ambayo naitumia msimu wa ritani tu, na maneno ya kurejesha akaunti nyingine mbili. Kwa mpangilio huo, kinachofichwa ni kile kisichoguswa, na kisichoguswa ndicho kinachohitajika siku ya balaa. Isitoshe, mnahesabu kila karatasi ndogo kuwa kitu. Akaunti moja ya Google kwangu ilikuwa vitu viwili, nywila na kumbukumbu ya namba za akiba. Nywila ya WiFi ni kitu, kadi ya benki ni kitu. Mtu anayesoma "50" kwenye tangazo lenu anadhani ni akaunti 50, naye atafika kikomo na akaunti 30 tu.

Niliuliza kurasa zenu za maelezo namna ya kutoa nakala ya vyote nihame. Nikaambiwa nakala hutolewa kwenye kompyuta tu. Nikitaka kufungua kwenye kompyuta, lazima niitoe simu kwanza. Na faili inayotoka ni CSV, yaani maandishi wazi yanayosomwa na yeyote atakayeifungua, kwa hiyo asiye na kompyuta yake nyumbani anaambiwa akazitoe siri zake zote cyber. Hata hiyo CSV haibebi kila kitu. Funguo za siri zile zinazokaa badala ya nywila hazimo, viambatisho havimo, na kasha la pamoja halimo. Mnajua kwamba mwaka 2024 FIDO Alliance, muungano wa kampuni unaoweka viwango vya kuingia kwenye akaunti, ulitangaza rasimu za utaratibu wa kuhamisha vitu hivi kutoka programu moja hadi nyingine vikiwa vimesimbwa. Sijaona neno lolote kwenu kwamba mtaufuata.

Kuhusu kasha la pamoja nitasema machache. Binamu yangu na mimi tunakodisha vyumba, na nywila za kazi hiyo tuliziweka kwenye kasha nililolifungua wakati wa majaribio. Niliposhushwa, yeye akafungiwa nje hata ya vile alivyoviandika kwa mkono wake, kwa kuwa mnahesabu kila kilichomo kuwa mali ya aliyefungua kasha. Angalau mrudishieni kila mtu nakala ya alichokiingiza yeye.

Lililonichoma zaidi ni la dharura. Nilikuwa nimemteua dada yangu, anayefanya kazi Muscat, kuwa mtu wangu wa dharura, kwa muda wa kusubiri wa siku 7. Maana yake, akiomba kufunguliwa nami nisipokataa ndani ya siku hizo, kasha linafunguka kwake. Alikubali mwaliko, kwake ikaandikwa "Imethibitishwa", na tangu hapo familia yetu ikawa na amani kwamba likinipata la kunipata, mambo ya mama hayatakwama. Nilipokwama na simu nikampigia, nikamwambia atume ombi. Akajibiwa kwamba mwenye akaunti hana kifurushi cha kulipia. Uteuzi ulikuwa umekwisha kufa siku majaribio yalipoisha, na hamkumwambia yeye wala mimi. Kwenye simu yake lile neno "Imethibitishwa" lilikuwa bado lipo.

Najua jinsi jambo hili linavyofanya kazi, kwa hiyo msinijibu kwamba ni gharama. Dada alipokubali, simu yangu ilichukua ufunguo wa kasha langu, ikausimba kwa ufunguo wa wazi wa dada, na matokeo yakahifadhiwa kwenye seva zenu. Ninyi wenyewe hamwezi kuusoma, na ni sawa iwe hivyo. Kazi yenu ni kuushikilia mpaka siku 7 zipite. Ni kipande cha data kidogo kuliko picha ya wasifu. Mkitaka kuwazuia watumiaji wa bure kuteua watu wapya, zuieni. Lakini uteuzi uliokwisha kufanyika, ambao mtu mwingine nchi nyingine anautegemea, hauzimwi kimyakimya. Kama ningekuwa nimelazwa hospitali, dada yangu angegundua wakati ambao hakuna tena wa kumsaidia.

Kwa hiyo ninaomba yafuatayo yafanyike. Vile vitu 13 vifunguliwe kwangu kwa kusomwa na kunakiliwa, kwenye simu niliyo nayo sasa, bila sharti la kulipia mwaka mzima. Nipewe nakala kamili ya kasha langu katika faili iliyosimbwa, na binamu yangu apewe sehemu yake. Ninaomba pia mbadilishe mpangilio wa kifaa kimoja ili simu ya zamani iweze kuondolewa kutoka simu mpya kwa nywila kuu, na mtu wa dharura aandikiwe barua pepe kabla uteuzi wake haujazimwa, pamoja na aliyemteua. Na kwenye ukurasa wa bei, pale palipoandikwa "vitu 50", ongezeni sentensi inayosema ni vipi vinavyohesabiwa na ni vipi havitahamia kifaa kipya.

Ombi la nakala ninalileta chini ya kifungu cha 38 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019, ambacho kinampa mtu haki ya kupokea data zake katika muundo unaosomeka na mashine, ndani ya siku 30. Sheria hiyo inaruhusu mtoze gharama ya kiasi. Nikiambiwa gharama halisi ya kutayarisha nakala moja nitailipa, lakini ada ya kifurushi cha mwaka si gharama ya nakala. Sheria inawahusu hata kama ofisi zenu haziko Kenya, kwa sababu mnachakata data za mtu aliye Kenya. Siku 30 zikipita bila jibu, nitapeleka malalamiko haya kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, nikiambatisha picha za skrini za simu yangu na za dada yangu.

Nimeandika kutoka anwani ile ile ya barua pepe iliyosajili akaunti, kwa hiyo mnaweza kunithibitisha bila kuniuliza nywila kuu. Tafadhali jibu lije kwa maandishi, na litoke kwa mtu mwenye mamlaka ya kufungua vitu hivyo 13.

Wenu,

Mteja wa kifurushi cha bure,
Mombasa