Jina la mtahiniwa lisahihishwe kabla usajili haujafungwa

Mhariri,

Kila matokeo ya mitihani yanapotoka, wazazi wa Mombasa huanza kuzunguka na bahasha: slipu yasema Saleh, cheti cha kuzaliwa chasema Swaleh, na mtoto anahitaji kitambulisho au nafasi ya chuo. Wengi hudhani kosa limetokea Nairobi, kwenye Baraza la Mitihani, KNEC. Mara nyingi kosa liliingia shuleni, miezi mingi kabla, na mtoto mwenyewe akatia sahihi pembeni mwake kwenye orodha ya watahiniwa.

Jina haliandikwi upya kila mtihani. Katika mtaala wa sasa mwanafunzi husajiliwa na KNEC akiwa gredi ya tatu, akapewa nambari ya tathmini. Nambari hiyo ndiyo humfuata gredi ya sita kwenye KPSEA na gredi ya tisa kwenye KJSEA, na jina lililofungwa nayo husafiri pamoja nayo. Wale wa mtaala wa zamani, ambao KCSE yao ya mwisho ni 2027, walisajiliwa kwa nambari na mwaka wa KCPE, na jina la KCPE ndilo lililokuja nao. Kwa hivyo anayesubiri hadi mtihani wa mwisho husahihisha kosa ambalo tayari limekaa kwenye mtihani mmoja au zaidi.

Pwani tuna tatizo letu. Majina yetu hutamkwa namna moja na kuandikwa namna nne. Mohamed, Mohammed na Muhammad. Athman na Athuman. Khadija na Hadija. Mwanaisha kwa neno moja au Mwana Aisha kwa mawili. Mwalimu akiandika kwa kusikia, ataandika anavyotamka yeye. Kompyuta haijui kwamba Fatma na Fatuma ni jina moja. Kwake ni watu wawili.

Tuchukue mfano wa mtoto ambaye cheti chake cha kuzaliwa kinasema FATMA ATHMAN SWALEH, aliyezaliwa tarehe 4 Agosti 2011. Kwenye orodha ya shule ameandikwa FATUMA ATHUMAN SALEH, tarehe 8 Aprili 2011. Majina matatu yana makosa matatu, yote ya kusikia. Tarehe nayo ina chanzo kingine. Mwalimu aliandika 4/8/2011 kwenye jedwali la Excel ambalo mpangilio wake ni wa Kimarekani, mwezi ukitangulia siku, na mashine ikasoma Aprili 8. Kosa hili ni gumu kuonekana kwa sababu haliwapati watoto wote. Aliyezaliwa tarehe 13 au zaidi hapinduliwi, kwa kuwa hakuna mwezi wa 13. Kwa hivyo mwalimu akikagua majina machache na kuona tarehe 24 na 19 ziko sawa, ataamini zote ziko sawa. Wa kukaguliwa kwanza ni wale waliozaliwa kati ya tarehe 1 na 12. Tazama pia tarehe 1 Januari: ikijitokeza mara nyingi kwenye darasa moja, kuna mtu aliyejaza kwa kukisia, vyeti havijaletwa.

Hatua ya kwanza ni kuamua karatasi gani ndiyo kweli. Ni cheti cha kuzaliwa, si kadi ya kliniki, si rejesta ya chekechea wala jina la madrasa. Kama cheti chenyewe kimekosewa, kianzwe hicho kwa msajili wa vizazi na vifo, mzazi akiwa na kitambulisho chake na kadi ya kliniki au karatasi ya hospitali aliyozaliwa mtoto. Ukisahihisha shuleni kwanza, kisha ukabadilisha cheti, umetengeneza tofauti mpya.

Hatua ya pili ni mwalimu mkuu au mwalimu anayeshughulikia mitihani kuingia kwenye tovuti ya KNEC kwa akaunti ya shule na kurekebisha wakati usajili ungali wazi. Mzazi hana akaunti hiyo, kwa hivyo asihangaike mitandaoni wala asimlipe mtu wa saiba. Apeleke shuleni nakala ya cheti cha kuzaliwa na barua fupi inayosema jina lilivyo, jina linavyopaswa kuwa, na nambari ya tathmini au ya mtihani. Majina yaandikwe kwa herufi kubwa, kila moja kwenye mstari wake. Na ieleweke kuwa mfumo wa wizara ya elimu na mfumo wa KNEC ni viwili: kurekebisha mmoja hakurekebishi wa pili. Hapo ndipo wengi huambiwa «tumeshabadilisha» na kwa kweli yamebadilishwa mahali pasipohusika na cheti cha mtihani.

Hatua ya tatu ni kuiona orodha ya watahiniwa iliyochapishwa baada ya marekebisho, si ile ya kabla. Mtoto asiisome kwa macho tu, maana jicho husoma jina linalolijua. Mtu mmoja ataje herufi moja moja kutoka kwenye cheti, S, W, A, L, E, H, na mwingine afuate kwa kidole kwenye orodha. Tarehe itajwe kwa jina la mwezi, «nne Agosti», si kwa tarakimu. Hapo ndipo atie sahihi, na shule ibaki na nakala.

Kosa likigunduliwa kwenye slipu ya matokeo, peleka taarifa shuleni siku hiyo hiyo, kabla vyeti havijafika. Likigunduliwa kwenye cheti cha mtihani, mwalimu mkuu ndiye huandikia KNEC, akiambatisha cheti chenyewe, nakala ya cheti cha kuzaliwa, ukurasa wa rejesta ya kuandikishwa shule na ile orodha iliyosainiwa. Orodha ndiyo huamua: kama iliandikwa sahihi lakini cheti cha mtihani kikatoka vibaya, kosa ni la uchapishaji. Kama iliandikwa vibaya na ikasainiwa, mzigo ni mzito zaidi. Usiguse cheti kwa kalamu wala kifutio hata kwa herufi moja. Cheti kilichochorwa hakikubaliki popote.

Lipo jambo moja linalogharimu watu pesa bure. Mzazi hukimbilia kwa wakili kutengeneza hati ya kubadili jina, ile inayotangazwa kwenye Gazeti Rasmi la Serikali. Hati hiyo hutangaza kwamba kuanzia sasa mtu anaitwa hivi. Haisemi kwamba jina la jana lilikosewa. Cheti cha mtihani hubaki na jina la siku ya mtihani. Hati ya kiapo nayo, inayotiwa sahihi mbele ya kamishna wa viapo, husema tu kwamba Fatuma na Fatma ni mtu mmoja. Yafaa kuambatishwa na ofisi nyingi huipokea, lakini haibadilishi herufi hata moja kwenye cheti.

Tunachoomba kwa walimu wakuu wa Mombasa ni kidogo. Kabla ya siku ya kusaini, mpeni kila mtoto ukurasa wenye jina lake na tarehe yake aende nao nyumbani usiku mmoja, mzazi alinganishe na cheti, atie sahihi na aurudishe asubuhi. Wakati huo usajili bado uko wazi, na kusahihisha ni kazi ya dakika chache.

Walimu wa usajili wa mitihani,
Likoni, Mombasa